Wimbi bapa juu

"Picha ya oskiloskopu, amplifaya ya transista moja: 2V na 200us kwa mraba. Kilele hadi bonde ni miraba 2.5, kwa hiyo 2 kHz, siyo? Na mbona juu ni bapa?"

Hapo umepima nusu ya wimbi. Pima bonde hadi bonde, maana kilele bapa kinadanganya: miraba 5, milisekunde 1, yaani 1 kHz. Kwa wima naona miraba 5, volti 10 juu hadi chini. Usizigawe kwa mbili kupata urefu wa kilele, pande hazilingani. Kama ulipima kwenye kolekta ya NPN, transista inazima mapema. Huenda mkondo wa beisi ni mdogo.

"Yangu ilikuwa bapa juu na chini, nikabadilisha transista bure."

Ungepunguza ishara ya kuingia kwanza.