Maswali ya mikataba: mkopo wa milioni 3, adhabu, na bima ya duka

*Nimekopa milioni 3 kwa mwaka, riba wamesema asilimia 3 tu kwa mwezi, mbona narudisha milioni 4 na ushee? Nauza vitenge.*

Kwa sababu riba yako ni flati, dada. Yaani kila mwezi wanapiga asilimia 3 ya ile milioni 3 ya mwanzo, 90,000, hata mwezi wa kumi na moja ambapo deni limebaki kidogo. Mara 12 ni 1,080,000. Ndo maana rejesho lako ni 340,000 kila mwezi na jumla 4,080,000.

Ingekuwa riba ya kwenye salio, unarudisha mtaji 250,000 kila mwezi na riba inapigwa kwenye deni lililobaki tu. Mwezi wa kwanza unalipa 340,000 hiyohiyo, wa pili 332,500, inashuka hivyo mpaka mwezi wa mwisho 257,500. Riba yote inakuja 585,000. Asilimia ni ileile 3, ila tofauti ni karibu laki 5, na kwenye mkataba tofauti yenyewe ni neno moja tu. Litafute.

Halafu angalia ulichoshika mkononi. Umenitumia picha ya ukurasa wa pili: ada ya kushughulikia mkopo 60,000, bima ya mkopo 30,000, fomu 10,000, vyote vimekatwa juu kwa juu. Kwahiyo umeondoka na 2,900,000 lakini riba unalipia milioni 3 kamili. Kwenye daftari lako andika hivi: nimeshika 2,900,000, narudisha 4,080,000, mkopo umenigharimu 1,180,000. Mstari huo mmoja unakutosha kulinganisha na mkopeshaji mwingine, achana na asilimia za kwenye bango.

*Nikichelewa wananikata asilimia 1 kwa siku, hiyo si ndogo?*

Asilimia 1 ya nini? Hapo ndo pa kukazia macho. Tuchukue mkopo huohuo wa huyo dada, umelipa marejesho sita, la saba limechelewa siku 10. Kama ni asilimia 1 ya rejesho lililochelewa, ni 3,400 kwa siku, siku 10 ni 34,000, inauma ila unapumua. Kama ni ya deni lote lililobaki, 2,040,000, ni 20,400 kwa siku, siku 10 ni 204,000! Mimi mwenyewe niliwahi kusaini bila kuuliza, afisa mikopo alivyonipigia hesabu nikadhani kakosea, kumbe ilikuwa imeandikwa wazi kabisa ukurasa wa 6 na sahihi yangu iko chini yake.

Uliza pia kama kuna siku za neema kabla adhabu haijaanza, na kama adhabu nayo inazaa adhabu. Jibu la mdomo halisaidii, mwambie akuoneshe kifungu.

*Nikipata hela nikamaliza mapema riba si inapungua?*

Inategemea mkataba. Kwenye flati wengine wanadai riba ya miezi yote 12 hata ukimaliza wa tano, na wengine wanaongeza ada ya kumaliza mapema juu yake. Kama hakuna kifungu kinachosema utasamehewa riba ya miezi iliyobaki, usiitegemee.

*Duka langu limeungua, na bima nilikatwa kwenye mkopo. Wanasema hailipi. Wameniibia?*

Pole sana kaka. Hapana, hiyo mara nyingi ni bima ya maisha ya mkopaji: ukifariki au ukipata ulemavu wa kudumu, bima inamlipa mkopeshaji salio lake. Duka na mali haiwahusu. Ungehitaji bima ya moto, tena ya peke yake.

*Sasa mimi ninayo ya moto na wizi, nakatia mzigo wa milioni 5 ili ada iwe ndogo, ila dukani kuna wa 10. Kuna shida?*

Ipo. Mzigo wa milioni 4 ukiungua utasema si bado niko ndani ya 5, kumbe mikataba mingi ina kifungu cha uwiano: umekatia nusu, unalipwa nusu, milioni 2. Hapo bado kiasi cha kubeba mwenyewe, wanaita eksesi, tuseme asilimia 10, inaondoka 200,000. Mkononi 1,800,000.

Kwenye wizi, soma ukurasa wa visivyolipwa. Kawaida wanataka alama za kuvunja, kufuli limekatwa au mlango umeng'olewa. Mzigo ukipungua kidogo kidogo, au kijana wako wa dukani akiondoka nao na funguo anazo, hulipwi. Mafuriko nayo mara nyingi hayamo mpaka uyaongezee, na wa bondeni mnanielewa. Angalia na muda wa kutoa taarifa, maana wengine wanakosa malipo kwa kuchelewa kupiga simu tu.