Mhusika anageuka mweusi akipita mlangoni

"Nimebeki mwanga wa nyumba nzima kwenye Unity. Kuta ziko sawa, ila mhusika anakuwa mweusi mlangoni. Niongeze taa ya wakati halisi?"

Hapana, sogeza probu za mwanga, zile nukta za hewani zinazohifadhi mwanga uliobekiwa. Mhusika anayetembea hasomi ramani ya mwanga. Anachanganya probu nne zinazomzunguka, na mojawapo ikiwa imezama ndani ya ukuta imebekiwa nyeusi, hivyo inamvuta gizani. Mchague mhusika, kisha kwenye dirisha la Lighting weka probu zionyeshwe kwa `Only Probes Used By Selection`. Utaiona ile nyeusi papo hapo. Itoe ukutani, halafu weka jozi kila upande wa mlango, moja karibu na sakafu na nyingine usawa wa kichwa, ubeki upya.

Wapo wanaoshauri kuongeza resolusheni ya ramani ya mwanga; wana hoja kwa vivuli vya ukutani tu, na kwenye simu hilo linakula memori.

Angalizo: ubao wa mlango ukifunguka husoma mwanga wa nukta moja tu, kwa hiyo upande mmoja unaweza kubaki na rangi ya chumba kingine. `Anchor Override`, inayokuruhusu kuchagua nukta hiyo, hupunguza tatizo, hailimalizi.