CLB 9 kwa Express Entry: mtihani upi, na ujiandae muda gani

"Nina digrii moja na miaka minne kazini hapa Dar, sina mwenza. Nataka kuomba Kanada kwa Express Entry. Nifanye IELTS ipi, na nianze kujiandaa lini?"

Fanya IELTS General Training. Ile ya Academic haipokelewi Express Entry hata ukipata alama za juu kabisa, na kuna watu hulipia hiyo kwa sababu ndiyo wanayoisikia vyuoni. CELPIP na PTE Core nazo zinakubalika, ila zote hufanyika kwenye kompyuta na unazungumza na mashine. Kama hilo linakutia wasiwasi, IELTS ina mtahini wa kuongea naye.

Lengo lako liwe CLB 9, yaani ngazi ya 9 kwenye kipimo cha lugha cha Kanada. Kwa IELTS hiyo ni kusikiliza 8.0, kusoma 7.0, kuandika 7.0, kuzungumza 7.0. Usidanganywe na wastani, maana kila stadi hupimwa peke yake. Tuseme umefikia zote isipokuwa kuandika, umepata 6.5, yaani CLB 8. Hapo, kwenye alama ambazo Express Entry hutumia kupanga waombaji, unapoteza 8 za lugha. Kisha digrii yako ikiunganishwa na lugha inashuka kutoka 25 hadi 13, na uzoefu wako wa kazi nje ya Kanada unashuka kutoka 50 hadi 25. Jumla ni alama 45, kwa sababu ya nusu alama tu. Ndiyo maana nasisitiza CLB 9 na si CLB 8.

Kabla ya kulipia tarehe, fanya jaribio zima nyumbani kwa muda uleule wa mtihani, bila kusimamisha. Kusikiliza 8.0 ni kama majibu 35 sahihi kati ya 40, na kusoma 7.0 ni kama 34. Ukikosea zaidi kwenye kusikiliza, angalia aina ya kosa: mara nyingi mtu amesikia vizuri, ila kakosea tahajia, kaacha "s" ya wingi au kazidisha idadi ya maneno. Hayo hurekebishika kwa wiki chache.

Kuandika ndiko kunakokula muda, kwa hiyo panga kalenda yako kwa kuandika. Kutoka 6.5 hadi 7.0 ningekupa miezi mitatu, insha mbili na barua moja kila wiki, zote zikasomwe na mtu anayejua vigezo vya IELTS, kwani makosa yako mwenyewe huyaoni. Insha ina uzito mara mbili ya barua, ipe dakika 40 kati ya 60. Wengi hukwama kwa kujibu nusu ya swali, au kwa kumwaga sentensi walizokariri.

Matokeo hudumu miaka 2, na lazima yawe hai mpaka siku unayotuma maombi kamili. Alama zote nne zitoke kwenye mtihani mmoja, hivyo acha nafasi ya kurudia kabla hujafungua wasifu wako.