Mtoto wa sikoseli na kanula: tunavyofanya sisi

Wazazi wenye watoto wa sikoseli mtanielewa. Ikifika Juni, Julai hapa Tabora zile asubuhi za baridi, mtoto anaamka analia miguu, unampa dawa ya maumivu, unamnywesha maji, unamfunika, na kama bado haitulii au joto limepanda basi safari ni wodini, hakuna kusubiri. Na wodini kinachoanza ni kanula. Hawa wa kwetu wanachomwa kila mara, mishipa inafika mahali inasumbua kupatikana, na ndo maana ukiuliza mtoto anaogopa nini hospitali hatakutajia ugonjwa, atakutajia sindano. Leo naongelea hiyo sindano tu.

Usimwambie haiumi. Akishachomwa atajua umemdanganya na safari ijayo hata ukisema ukweli hakuamini. Mwanangu ana miaka sita, mimi namwambia hivi: "Itauma kama umekanyaga mwiba, alafu sindano inatolewa, kinabaki kimrija laini tu." Hapo kwenye kimrija ndo pa kukazia, maana watoto wengi wanadhani chuma kimebaki ndani ya mkono siku zote za dripu, wanakaa wamekakamaa hawataki hata kushika kijiko. Muombe nesi kanula mpya umuonyeshe, au nyumbani akiwa mzima mchezeshe na mdoli wake, mrija wa juisi na kipande cha plasta, yeye ndo awe dokta. Wa miaka mitatu minne mwambie dakika chache tu kabla, ukimwambia jana yake hatalala. Huyu wa shule kama mna miadi ya kuongezewa damu ajue tangu jana ili apate muda wa kuuliza maswali yake.

Mkono nao unaandaliwa. Kama dokta hajakataza kunywa, anywe maji, mwili uliokauka mishipa inajificha. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu (jaribu kwanza kwenye ngozi yako) ukikiweka mkononi dakika chache mishipa inatokeza. Mtandaoni utakuta ushauri wa kuweka barafu ili ngozi ife ganzi, kwa watoto wengine sawa ila kwa sikoseli achana nayo kabisa, baridi inabana mishipa na inaweza kuamsha maumivu yaleyale yaliyowaleta.

Sasa ile ya kumlaza chali watu wanne wamemkandamiza ndo inayozalisha hofu kuliko hata sindano yenyewe. Mimi nasema mapema, kwa heshima, "Sista naomba nimpakate." Wengi wanakubali. Namkalisha mapajani kifua kwa kifua, mkono mmoja unapita chini ya kwapa langu hadi mezani kwa nesi, mimi nashika kiwiko. Yeye kazi yake ni mbili, mkono usitikisike na apulize pole pole kama anapoza uji. Kulia anaruhusiwa. Simuulizi "wakuchome?" maana akisema hapana tutamchoma tu, namuuliza "kulia au kushoto?" na akichagua, kama mshipa upo, tunafuata. Kuna mahali niliwahi kusikia mtoto akiambiwa "ukilia nakuchoma mara mbili", na nyumbani pia tunawatisha kwa dokta wakigoma kula, jamani hiyo tuiache. Nesi akikosa mara mbili naomba aje mwenzake aliyezoea watoto, haina ugomvi.

Dripu ikishaanza kazi haijaisha. Mtoto akilalamika mkono unauma usimwambie anadeka, fungua uangalie, linganisha na mkono wa pili. Ukiona umevimba, umekaza au ngozi imekuwa ya baridi, maji yametoka nje ya mshipa, funga kile kigurudumu cha dripu na uite nesi. Ikiwa nyekundu na ya moto nayo aione. Usiku ndo inapitaga bila kujulikana kwa sababu mkono uko ndani ya blanketi.

Kitu kingine ni daftari la kliniki. Kurasa za nyuma naandika mshipa gani ulikubali na rangi ya kanula, mara nyingi kwake ni ya njano ambayo ni nyembamba, ya bluu ni nene kidogo. Nesi ndo anaamua kutokana na anachotaka kupitisha, ila ukimwambia "mara ya mwisho walipata nyuma ya kiganja cha kushoto" anaanzia hapo badala ya kutafuta mkono mzima. Siku hizi hata sisemi mimi, mtoto mwenyewe ananyoosha kidole anamuonyesha, alafu anamuuliza kama plasta yake ni ile inayovuta nywele.