Shemeji akija dukani na pesa na mali: hesabu za siku ya kwanza

Msomaji mwenye hadwea Kariobangi ameuliza: shemeji yake analeta shilingi 200,000 taslimu na mzigo wa mabomba na koki, wawe wabia. Je, amwandikie tu mtaji waendelee na kazi? Hapana. Thaminini duka la zamani kwanza, kabla shilingi yake haijaingia kwenye vitabu.

Tuseme vitabu vinaonyesha mtaji wa mwenye duka ni 700,000. Mkikagua, mashine ya kuchanganya rangi iliyoandikwa 90,000 inauzika 150,000. Kwenye stoo kuna saruji iliyoganda na rangi iliyopitwa na wakati, kwa hiyo bidhaa zinashuka kutoka 420,000 hadi 385,000. Kwa wadaiwa kuna 30,000 za mafundi waliohama mtaa, hazitarudi. Halafu kuna bili ya stima ya 5,000 ambayo haikuandikwa popote.

Fungua akaunti ya uthamini upya. Upande wa krediti weka 60,000 za mashine. Upande wa debiti weka 35,000, 30,000 na 5,000. Hasara ni 10,000, na yote inakatwa kwenye mtaji wa mwenye duka peke yake, ubaki 690,000. Saruji iliganda shemeji akiwa hayupo. Hata ingekuwa faida, asingegusa.

Sasa mzigo wa shemeji. Anasema aliununua 180,000, lakini kwa bei ya jumla ya leo mngeupata kwa 150,000. Andikeni 150,000. Zile 30,000 ni hasara yake aliyokuja nayo, wala hazipiti kwenye akaunti ya uthamini upya. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kuwa ni ndugu na kumkatia bei ni aibu. Debiti benki 200,000, debiti bidhaa 150,000, krediti mtaji wa shemeji 350,000.

Msitumie bei ya kuuzia. Mkiandika koki kwa bei ya rafu, mtakapoiuza haitaonyesha faida yoyote, kwani faida hiyo tayari mmempa shemeji kama mtaji.

Jumla ya mitaji sasa ni 1,040,000. Ukiongeza wadai 105,000 (ile bili ya stima imo humo), mali yote lazima ifike 1,145,000. Mtaji wa shemeji ukitofautiana na karatasi ya mzigo na stakabadhi ya benki hata kwa shilingi mia, kuna kitu kimepitia akaunti isiyo yake.

Karatasi ya bei muisaini wote wawili, kila bidhaa na idadi yake. Jina zuri la duka ni mazungumzo mengine. Mkikubaliana lina thamani, liandikieni hesabu yake, msilifiche ndani ya bei ya mashine. Mkimaliza, sajilini ubia kwenye eCitizen na mchukue PIN ya ubia kutoka KRA. Ile ya mwenye duka ni yake binafsi.