Kwotesheni haigeuki invoisi kwa kubadilisha kichwa tu

Wiki hii nimerudisha invoisi ya tatu yenye maneno "bei hizi ni halali kwa siku 14". Jamani wanangu! Mteja ameshakubali, mzigo umeshafika, uhalali wa nini tena? Pale panakaa tarehe ya mwisho ya kulipa. Nitasema mara moja, na nitasema kwa sababu mimi mwenyewe nilishaungua.

1. Hifadhi faili kwa jina jipya, weka namba ya invoisi, na namba ya LPO ikae kama rejea.

2. Mstari asiouchukua mteja unafutwa, haufichwi. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandaa kwotesheni ya samani: meza 6 kwa 250,000, viti 12 vya kawaida kwa 95,000, au viti 12 vya ngozi kwa 140,000, na usafiri 60,000. Mteja akachagua viti vya kawaida. Mimi, mjanja, nikabofya mstari wa viti vya ngozi, nikauficha. Karatasi ikapendeza. Kumbe SUM haina habari na kilichofichwa, inajumlisha tu. Mistari iliyoonekana ilikuwa 2,700,000, ila jumla ndogo ikasoma 4,380,000, na VAT ya asilimia 18 ikapanda juu yake. Badala ya 3,186,000 nikamdai mtu 5,168,400.

Mhasibu wao, mama mmoja mpole, alinipigia: "Mwanangu, hivi viti vingine mmeviweka wapi?" Alikuwa amejumlisha kwa kikokotoo. Nilikaa chooni robo saa. Bahati risiti ya EFD ilikuwa haijatoka, maana hapo ningeanza safari nyingine.

Siku hizi nafuta mstari mzima, na kwenye jumla ndogo naweka hii, ambayo haiingii kwenye mtego huo:

```
F9:  =SUBTOTAL(109,F5:F8)
F10: =ROUND(F9*18%,0)
F11: =F9+F10
```

Hiyo 109 inaruka mistari uliyoificha kwa mkono. 9 peke yake haiiruki. Lakini mtu akiifichua, jumla inabadilika, ndiyo maana nasema futa. Na ukifuta huku jumla yako ni F5+F6+F7, utaiona `#REF!`, na umeitaka mwenyewe.

3. Soma chini ya kwotesheni: bei zilikuwa na VAT ndani? Basi gawanya kwa 1.18 kwanza. 1,180,000 ni 1,000,000 na kodi 180,000. Ukizidisha tena unamtoza 212,400 za bure. Kampuni haina VRN? Mstari wa VAT utoke kabisa.

4. Namba ya akaunti: ifanye seli kuwa Text kabla ya kuandika, la sivyo sifuri ya mwanzo inapotea. Juzi mmoja wenu amenibishia, "Lakini bosi, kwangu inaonekana sawa." Ilikuwa na tarakimu kumi na mbili. Akaunti yetu ina kumi na tatu.