Anayeanza kusoma historia ya uchapaji aanze na karatasi moja

Wengi wanaoingia katika somo hili huanza na Biblia ya mchapaji Johannes Gutenberg, iliyochapwa Mainz, Ujerumani, na kukamilika karibu mwaka 1455. Ni kazi ya kustaajabisha, lakini haikuelezi vizuri jinsi mawazo yalivyowafikia watu wa kawaida. Nakala moja ilikuwa na kurasa karibu 1,280, na kila karatasi kubwa ilitoa kurasa nne tu, hivyo nakala moja ilikula karatasi kama 320. Zidisha kwa nakala 180 hivi zinazokadiriwa kuchapwa, unapata karatasi zaidi ya 57,000, zote za kulipiwa kabla ya kitabu cha kwanza kuuzwa. Haishangazi kwamba mkopeshaji wa Gutenberg, Johann Fust, alimpeleka mahakamani mwaka huohuo wa 1455 kudai fedha zake.

Sasa linganisha na kijitabu cha Martin Luther cha mwaka 1518 kuhusu rehema, yaani msamaha wa adhabu za dhambi uliotolewa na Kanisa, na kuhusu neema, kilichochapwa Wittenberg kwa Kijerumani. Kilikuwa na hoja 20 fupi na kurasa nane tu. Kurasa nane ni karatasi moja iliyokunjwa mara mbili. Mchapaji aliyetaka nakala 1,000 alihitaji karatasi 1,000, basi. Fedha yake ilirudi upesi, na kikimdodea hakufilisika.

Fanya zoezi hili kabla ya kusoma zaidi. Kunja karatasi mara mbili, ishike kama kitabu, andika namba 1 hadi 8 kwenye kurasa, kisha ikunjue. Upande mmoja utaona 1, 4, 5 na 8. Upande wa pili 2, 3, 6 na 7, na nusu ya kurasa zimesimama kichwa chini. Hivyo ndivyo mpangaji wa herufi alivyozipanga kurasa zake za risasi mtamboni. Karatasi ilipita mara mbili, upande kwa upande. Akikosea nafasi ya ukurasa mmoja, msomaji anatoka ukurasa wa 2 na kujikuta kwenye wa 7.

Herufi zenyewe zilisubuliwa kwa risasi iliyochanganywa na bati na antimoni, kila moja kipande chake. Hapa Kiswahili kinaweza kukuchanganya, maana "kupiga chapa" hutaja pia ubao uliochongwa ukurasa mzima. Ubao unaweza kuwekwa na kutumiwa tena mwakani. Herufi za kupangwa hazikungoja: karakana ilikuwa na kiasi chake, kwa hiyo kurasa zilipokwisha kuchapwa, herufi zilifumuliwa, zikasafishwa na kurudishwa visandukuni ili zipange kazi nyingine. Kijitabu kikihitajika tena, kinapangwa upya kuanzia neno la kwanza.

Jambo hili dogo ndilo linalokuwezesha kufuatilia safari ya wazo. Weka nakala mbili kando kwa kando na utazame neno la mwisho la kila mstari. Mistari ikikatikia maneno tofauti, herufi zilipangwa upya. Angalia pia "n" na "u" zilizopinduliwa, kwa kuwa kila mpangaji ana makosa yake. Lakini usiharakishe: mistari ikilingana kote haithibitishi kwamba ni toleo moja, kwa sababu mpangaji wa pili mara nyingi aliiga nakala iliyochapwa mstari kwa mstari. Hapo tafuta herufi iliyovunjika au nafasi isiyo sawa kati ya maneno. Kwa ukaguzi wa namna hii tunajua kwamba kijitabu kile kilipata matoleo zaidi ya 20 hadi mwaka 1520, katika miji kama Leipzig, Nuremberg, Augsburg na Basel. Hakuna aliyelazimika kusafirisha marobota kutoka Wittenberg. Nakala moja ndani ya mfuko wa msafiri ilitosha kuanzisha uchapaji katika mji mwingine.

Usihesabu nakala ukadhani umehesabu wasomaji. Mtambo haukumfundisha mtu kusoma, na wengi hawakujua. Aliyejua aliwasomea wengine nyumbani na kwenye vilabu vya pombe, na hoja fupi zenye namba zilifaa sana kwa masikio. Tena si kila ajuaye Kijerumani alielewa Kijerumani cha Luther. Agano Jipya lake lilitoka Wittenberg Septemba 1522. Adam Petri wa Basel alipolichapa upya, toleo lake la mwaka 1523 lilikuwa na orodha ya maneno yaliyokuwa mageni kwa watu wa kusini, kila neno na maana yake kwa lahaja yao.